Kiasi cha Nani?

Neno moja katika DSM, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, limenikaa kichwani tangu nianze shahada ya uzamili: kupita kiasi. Ili mtu aambiwe ana ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, wasiwasi wake uwe umepita kiasi, uhusu mambo kadhaa, umjie siku nyingi zaidi kuliko zile anazoukosa kwa angalau miezi 6, na ashindwe kuuzuia. Ziwepo pia dalili 3 kati ya 6: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kumakinika, kukasirika haraka, misuli kukaza na usingizi mbovu. Na yote hayo yawe yanamtesa au kumkwamisha maishani.

Sawa. Lakini kiasi ni cha nani?

Chukua wanafunzi wawili wa kubuni. Asha bumu halijaingia, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi 3. Halali, anafoka ovyo. Kwenye dodoso la GAD-7, linalouliza maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, anapata alama 12 kati ya 21. Kuanzia 10, mtu huchunguzwa zaidi.

Rehema naye ana 12. Kodi ameshalipa. Alihofia mama yake anaumwa. Mama alipopimwa akaonekana mzima, hofu ikahamia kwenye tasnifu. Tasnifu ilipopita, ikahamia kwenye basi la kwenda nyumbani. Mwaka sasa.

Dodoso haliwatenganishi, mazungumzo ndiyo huwatenganisha. Daktari huuliza wasiwasi ulianza lini, unahusu nini, na jambo lenyewe likiisha unabaki na nini. Huuliza pia kahawa na dawa, na huweza kupima damu, maana tezi ya shingo ikizalisha homoni kupita kiasi huleta mapigo ya moyo ya kasi na kukosa utulivu. Bumu likiingia, Asha atalala. Rehema atapata jingine la kumkesha.

Hata miezi 6 si mstari ulioshuka mbinguni. Toleo la 1980 lilitaka mwezi 1. La 1987 likataka 6.

Ugumu unakuja bumu la Asha lisipoingia kabisa na madeni yakarundikana mwaka mzima. Kumpa vidonge peke yake ni kuiita kodi ugonjwa. Kumwambia "nani asingehangaika?" na kumrudisha nyumbani ni kudhani kwamba mwenye sababu hawezi kuugua. Nadhani kosa la pili ndilo tunalolizoea, kwa kuwa linafanana na huruma.

Kwa hiyo ukubwa wa shida siupi uzito wa kwanza. Ningemuuliza Asha kama bado anaweza kuiweka kodi kando kwa saa moja akasoma, na kama hofu imebaki kwenye kodi au imeanza kutembea. Ikiwa imeanza kutembea, anahitaji matibabu, na kodi bado inahitaji kulipwa.