Nipunguzie Kidogo

Neno lililoniponza ni "kidogo". Ilikuwa Ijumaa alasiri mjini Voi, kesho yake nilikuwa na harusi Wundanyi, na saluni imejaa hadi mlangoni. Msusi aliniosha, akanipitishia chanuo, nami nikamwambia, "Dada, nipunguzie ncha kidogo." Akakata nywele zikiwa bado zinadondoka maji. Niliona vipande vinavyoanguka ni virefu, lakini nikanyamaza. Wenzangu walikuwa wanangoja, na niliona haya.

Nywele za kipilipili zikilowa na kuvutwa hunyooka. Zikikauka hujikunja na kupanda, pengine zikabaki nusu ya urefu ule ulioonekana majini. Tena hazijikunji sawasawa kichwa kizima. Zangu za utosini hukaza kuliko za kisogoni. Kwa hiyo mstari uliokuwa sawa zikiwa na maji uligeuka ngazi jua la Voi lilipozikausha: kisogoni zilinigusa shingo, utosini hazikuzidi urefu wa kidole. Nilikwenda harusini na kilemba. Nywele hukua kama sentimeta 1 tu kwa mwezi, basi kilemba hicho nilikaa nacho miezi 8.

Nilipoelekezwa kwa msusi mwingine huko Mwatate, sikutaka kuyasema haya nikiwa tayari nimekaa kitini. Nilimwandikia siku tatu kabla:

"Habari yako, dada. Ujumbe wangu ni mrefu, nivumilie. Mara ya mwisho nilikatwa vibaya, na tangu hapo nikisikia mkasi karibu na sikio moyo hunienda mbio. Si kwamba nina shaka na kazi yako, bado hata hatujaonana. Naomba saa ambayo huna foleni, hata ikiwa alfajiri. Nitakuja nimeosha nywele na kuzifunga kwa uzi usiku kucha, ili uzikute kavu na zimenyooka bila moto. Naomba ukate ncha tu, zisizidi upana wa ukucha wa kidole changu cha mwisho, fungu kwa fungu, na unionyeshe la kwanza kabla ya kugusa la pili. Nikinyamaza usidhani nimeridhika, tafadhali niulize. Nikisema tuishie hapo, tuishie hapo, na malipo yako nitakupa yote."

Akajibu: "Njoo Jumatano saa moja na nusu, kabla sijafungua. Mkasi nimeunoa."

Jumatano alifungua uzi taratibu, akagawa kichwa mafungu manne, akaanza na kisogo. Nilikuwa nimeshika mikono ya kiti kwa nguvu. Alikata mara moja, akasimama, akachukua kile kipande na kukiweka kiganjani mwangu. Nilikilinganisha na ukucha wangu.

"Ndicho hicho?" akauliza.

"Ndicho. Endelea, dada."