Aliyempa Mpinzani Aya ya Mwisho

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, Tabora, aliandika insha kuhusu njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Dai lake lilikuwa zuri: wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa ujira, si watumwa, na uchumi wa misafara yao ulikuwa wa watu huru. Na ushahidi alikuwa nao. Wanyamwezi walishusha misafara yao wenyewe pwani kabla Waarabu hawajajenga Tabora. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, akapatana malipo ya vitambaa na posho ya njiani. Msimu wa kulima ukikaribia, kumpata mtu wa kubeba mzigo Unyanyembe, eneo la Tabora, ilikuwa kazi. Wazungu waliopita huko, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliacha malalamiko mengi juu ya wapagazi waliogoma au kutoroka.

Aya tatu za kwanza zilisimama vizuri. Ndipo akakumbuka kwamba amefundishwa kutaja hoja pinzani, akaipa aya ya mwisho: "Lakini ni kweli pia kwamba wengi waliobeba pembe walikuwa watumwa, na Tippu Tip alitumia mateka kubeba pembe kutoka Manyema. Kwa hiyo suala hili lina pande mbili." Akaweka nukta, akakabidhi.

Rafiki yake aliisoma, akaulizwa insha inasema nini. Akajibu bila kusita: inasema wapagazi walikuwa watumwa.

Hakukosea kusoma. Msomaji hutoka na kile alichokisikia mwisho, na mwisho alikuwa amepewa mpinzani, tena bila jibu. Kosa lilikuwa la mahali kabla ya kuwa la hoja. Hoja pinzani ikikaa mwishoni, inafanya kazi ya hitimisho hata kama mwandishi hakukusudia. Ikikaa mwanzoni kabisa, kabla ya ushahidi, mwandishi anaanza kujitetea juu ya jambo ambalo msomaji bado hajalielewa. Katika insha fupi kama ile, hoja moja nzito ya upinzani hukaa vizuri baada ya ushahidi wenye nguvu, kisha jibu lake lifuate hapohapo, katika aya ileile au inayofuata, halafu ndipo hitimisho. Pingamizi linalogusa nukta moja tu, kwa mfano kwamba malipo yalikuwa madogo, hujibiwa palepale nukta inapotajwa. Halisubiri zamu.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Tazama neno "wengi". Kukubali kwamba mateka walibeba pembe kutoka Manyema ni kukubali tukio, na ni haki kulikubali, kwa sababu ni kweli. Anayelificha huaibishwa na msomaji wa kwanza anayeijua historia ya Tippu Tip. Lakini kusema "wengi waliobeba pembe", bila kutaja wapi, ni kukubali hitimisho la mpinzani. Mwandishi alitoa zaidi ya alichodaiwa. Kabla ya kukubali, ajiulize: jambo hili likiwa kweli tupu, dai langu linaanguka? Manyema iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na dai lilihusu wapagazi wa Kinyamwezi, walioajiriwa Unyanyembe. Haligusi.

Mpangilio wa sentensi nao una lake. "Wapagazi walilipwa, ingawa baadhi ya misafara ilibebesha mateka" humwacha msomaji na mateka. Geuza: "Ingawa baadhi ya misafara ilibebesha mateka, Mnyamwezi aliyeajiriwa Unyanyembe alipatana ujira wake." Ukweli ni uleule, lakini neno la mwisho limerudi kwa mwenye dai.

Aliandika upya. Mpinzani akahamia aya ya nne kati ya tano: "Ni kweli kwamba misafara iliyotoka Manyema ilibebesha mateka, na kwamba hata njia ya kwenda pwani ilipitisha watumwa. Hata hivyo, mateka aliyebebeshwa mzigo hakuweza kupatana malipo wala kuchagua msimu wa kusafiri. Wapagazi wa Unyanyembe waliweza yote mawili." Jibu halikumkana mpinzani. Lilitumia kile kile alichokikubali kuonyesha tofauti.

Hapo mwalimu akamtupia swali gumu: vipi kuhusu Wanyamwezi waliokuwa na watumwa wao wenyewe, waliolima mashamba wakati wanaume wako safarini? Hilo haliwezi kupuuzwa, na haliwezi kujibiwa kwa "hata hivyo", maana huenda ujira wa mmoja uliwezeshwa na utumwa wa mwingine. Pingamizi la namna hiyo halihitaji jibu la haraka, linahitaji dai lipunguzwe tangu aya ya kwanza. Hivyo aya ya kwanza ikaacha kusema kwamba uchumi wa misafara ya Wanyamwezi ulikuwa wa watu huru, ikasema tu kwamba kubeba mzigo kwa mkataba kutoka Unyanyembe kulikuwa kazi ya ujira. Dai likawa dogo kuliko la mwanzo, na swali la mwalimu likapata nafasi yake katika aya ya nne.