Kurasa Arobaini, Karatasi Moja

Mdogo wangu wa Kisesa, unayeshuka daladala jioni na bunda la kopi za Sheria ya Katiba kwapani, weka chini hiyo kalamu ya kupaka rangi mistari. Kwenye mtihani utaulizwa: je, Tanzania ina mgawanyo wa madaraka? Chukua karatasi moja tupu na juu yake andika jibu lenyewe: mihimili yetu imeingiliana, lakini kuamua haki za watu ni kazi ya Mahakama. Sentensi hiyo ndiyo itakayochagua kinachobaki katika kurasa zile arobaini.

Montesquieu mpe mistari miwili, inamtosha. Ibara ya 4 ya Katiba ya 1977 inagawa kazi, na ya 107A inaikabidhi Mahakama utoaji haki. Papo hapo onyesha mwingiliano: Ibara ya 62 inamfanya Rais kuwa sehemu ya Bunge, na ya 55 inataka mawaziri watoke kwa wabunge.

Sasa kaza mwendo, maana maksi ziko hapa. Daudi Pete, kesi ya kanda yetu hii ya Ziwa, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na sheria ikamfungia dhamana. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliona Bunge limeingilia kazi ya Mahakama. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo: mgawanyo huvunjwa pale Serikali au Bunge linapojitwalia kazi ya kutafsiri sheria na kuamua haki na migogoro ya watu, na kuzuia dhamana kwa sheria si kazi hiyo. Hata hivyo, kifungu cha 148(5)(e) cha sheria hiyo kilianguka, kwa sababu kilikiuka haki ya uhuru wa mtu katika Ibara ya 15. Wengi huandika kwamba kilianguka kwa kuvunja mgawanyo wa madaraka, na msahihishaji anajua palepale kuwa hukumu hawakuisoma.

Mtikila aingie baada ya hapo, ile hukumu ya Rufani ya 2010 kuhusu mgombea binafsi. Mahakama ilisema suala hilo ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge, na kwamba haiwezi kutangaza ibara ya Katiba kuwa kinyume cha Katiba. Pete anaonyesha mpaka ambao Bunge halipaswi kuuvuka; Mtikila anaonyesha Mahakama ikijiwekea wake.

Ukishamaliza mpango, funika majina ya kesi kwa kidole usome kila aya. Aya ikisimama vilevile bila kesi, kesi hiyo uliitia kama pambo: andika mbele yake mstari mmoja unaosema iliamua nini na inaisukumaje hoja yako.

Giza halijaingia bado. Geuza karatasi, tega dakika kumi kwenye simu, uiandike aya ya Pete kwa kichwa.