Mandazi na Kandambili

Jina la utani la shule hutungwa kwa sekunde moja, na anayebebeshwa ndiye wa mwisho kuulizwa.

Mvulana aliyenaswa na mandazi dawatini katikati ya kipindi cha hisabati hutoka darasani akiitwa Mandazi. Msichana aliyekuja na kandambili kwa sababu viatu vimekatika huitwa Kandambili, na siku hiyo ya kwanza kicheko ni kilekile. Miaka 20 baadaye, wa kwanza hupokea simu ya rafiki wa zamani kwa kusema "Mandazi hapa", ilhali wa pili akilisikia jina lile stendi hugeuka pembeni kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Mandazi alitaniwa kwa alichokifanya siku moja, tena kwa ujanja uliokuwa na sifa yake. Kandambili alitaniwa kwa kilichokosekana nyumbani kwao, na kila asubuhi mstarini miguu yake ilikitangaza upya. Mwalimu naye akilitumia wakati wa kuita majina (wapo wanaodhani huko ndiko kuwa karibu na wanafunzi), mtoto hana tena pa kwenda kulalamika.

Ukitaka kujua jina limeangukia upande gani, usitazame kama mwenyewe anacheka, maana anayeumia hujifunza kucheka mapema kuliko wote. Sikiliza kama hulitaja mwenyewe anapojitambulisha, na kama wenzake humwita hivyo hata wakiwa naye faraghani, au hungoja kwanza watu wajae.