Kununa si Kutulia

Wanangu mliooana, ugomvi wa nyanya hapa Ilula huanzia kwenye bei, lakini si bei inayoufikisha kwenye baraza. Chukueni mfano wa nyumba moja ya kutunga, ingawa wengi mtaitambua. Mume ameona kantangaze ameingia shambani, akaogopa, akamuuzia dalali nyanya zote zikiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa. Fedha ya dawa alikuwa ameitoa mkewe, mkopo wa kikoba. Mke habari anaipata kwa jirani.

Ana haki ya kulalamika, na lalamiko lake linaweza kuwa kali: “Umeuza bila kuniambia, na kikoba kinadai Jumamosi. Nimeumia.” Hapo mume ana jambo la kujibu. Lakini mke akisema, “Ndivyo mlivyo kwenu, kudanganywa mchana kweupe,” kisha akasonya na kubetua midomo, nyanya zimekwishasahaulika. Linalojadiliwa sasa ni kama mume huyu ni mtu au si mtu. Wanaume nao wana dharau yao: kumwigiza mke sauti mbele ya watoto, kucheka anapolia, kumwambia “wewe unajua nini?” Mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, alitumia miaka mingi na mwenzake Robert Levenson kuwarekodi wanandoa wakizozana huku wamefungwa vyombo vya kupima mapigo ya moyo. Katika tabia mbaya alizoziona, dharau ndiyo aliyoitaja kuwa dalili kubwa kuliko zote kwamba ndoa itavunjika.

Mume wetu, alipotupiwa hayo ya “kwenu”, hakujibu. Aligeuza uso, akashika simu, kisha akatoka kwenda kwenye ulanzi. Jirani angemsifu kwa upole. Gottman aliona kwamba wanaojifungia hivi, na wengi wao walikuwa wanaume, kwa nje wametulia kama ukuta lakini kwa ndani moyo unakimbia, mara nyingi kupita mapigo 100 kwa dakika. Akili ikifika hapo haisikii vizuri wala haicheki. Inatafuta pa kukimbilia tu. Mke anayeachwa na ukuta naye hupaza sauti zaidi, na ukuta unazidi kuwa mnene.

Kuondoka si kosa. Kosa ni kuondoka bila neno. Watafiti hao waliwahi kuusimamisha ugomvi kwa kisingizio cha kurekebisha vyombo, wakawapa wanandoa magazeti wasome. Baada ya nusu saa hivi mapigo yalikuwa yameshuka, na walipoanza tena waliongea kama watu wengine. Kwa hiyo, mwanangu, weka vidole kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Ukiona umepita 100, na hujatoka kupanda mlima, sema: “Nimepandwa na hasira. Nakwenda kumwagilia mboga, tukishakula tutalimaliza.” Halafu urudi kweli. Dakika 20 ndizo chache kabisa, na usizitumie kutunga majibu, maana moyo hautashuka. Kilabuni usiende, sijaona bado kikombe cha ulanzi cha nusu saa.

Anayerudi huleta kitu kidogo, mara nyingi bila ufundi. “Ngoja nianze upya.” “Hapo umesema kweli.” Au anamwita tena “baba watoto” baada ya “wewe” za mchana kutwa. Utani nao unasaidia, ila ujitanie mwenyewe, usimtanie mwenzio kwa kilichomuuma. Katika nyumba zetu, “karibu chakula” baada ya ugomvi mara nyingi ni ombi la amani, na anayejibu “nimeshiba” amefunga mlango. Uzuri wa maneno si hoja. Hoja ni kama yatapokelewa. Na kupokea si kushindwa. Mke anaweza kusema, “Nimekusikia. Bado nimeumia, lakini kaa tule.”

Nasaha hizi ni za watu wawili wanaozozana bila mmoja kumwogopa mwenzake. Pakiwa na kipigo au vitisho, msiambiwe mrudi mezani kutuliza. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hapo tafuteni ulinzi kwanza.

Wale wetu wa nyanya, mume aliporudi, walikula. Mume akasema aliogopa kupoteza shamba zima, na aliona aibu kumweleza mwenye fedha. Mke akakubali kwamba yale ya “kwenu” hayakuwa ya nyanya. Deni la kikoba lilibaki palepale. Wakapanga kuuza vitunguu vya akiba kulipunguza, na msimu ujao dalali asiingie shambani kabla wote wawili hawajapita mitaroni.