Mkono Ukishagusa Kete: Nasaha za Mwalimu wa Sataranji Akiaga Klabu

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliocheza hapa zamani na leo mmekuja mmeshika watoto wenu mkono: marahaba, na ahsanteni. Anayeagwa hutarajiwa kusimulia vikombe. Vikombe vimo kabatini, kila mtu anaviona. Mimi nina shukrani za jambo lisilopewa kikombe, na usia kwa wanaobaki.

Klabu ilianza kwenye darasa la kuazima, Jumamosi alasiri, bila saa za mchezo na bila mwamuzi. Kete zilikuwa za seti tofauti tofauti. Askari waliopotea tuliwawekea vizibo vya soda, na askari akifika mwisho wa ubao huku malkia wa kwanza bado yuko hai, tuligeuza ngome kichwa chini tukaiita malkia. Waendao mashindanoni wasithubutu: mbele ya mwamuzi, ngome iliyogeuzwa ni ngome tu. Simamisha saa, omba malkia, ndipo uendelee.

Basi kwa kukosa mwamuzi, kazi yake tuliigawana. Na ugomvi wetu karibu wote ulikuwa mmoja: umegusa, sijagusa.

Kanuni yenyewe haina maneno mengi. Ikiwa ni zamu yako na umegusa kete yako kwa kusudi la kucheza, utaicheza, maadamu ina pa kwenda. Ukigusa ya mwenzako, utaila, kama inalika. Ukishaiweka kwenye mraba na vidole vikaiacha, imekaa. Ukitaka kuinyoosha tu kwa sababu imekaa upande, sema "nairekebisha" kabla ya kugusa, na iwe ni zamu yako. Kusema baada ya kugusa ni kisingizio. Kuna kona moja inayowanasa hata wakubwa: unapotaka kumficha mfalme nyuma ya ngome, anza na mfalme. Ukianza na ngome, umegusa ngome, na itakubidi uichezeshe hiyo peke yake.

Ndiyo maana niliwaambia mkalie mikono. Wengine mlidhani ni adhabu. Macho yana ruhusa ya kutangatanga ubao mzima, mkono hauna.

Sasa upande wa pili, ambao kwetu huku ni mgumu zaidi. Aliyegusa akikataa, wewe uliyeonewa ufanyeje? Mwaka 1994, kwenye mashindano ya Linares kule Hispania, Garry Kasparov alicheza na Judit Polgár, binti wa Kihangaria mwenye miaka 17. Kasparov, aliyekuwa na kete nyeusi, alimpeleka farasi kwenye mraba wa c5. Vidole vikamwacha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapo akaona kwamba askofu wa Polgár angeingia c6 na kumharibia mambo, akamchukua tena farasi yule yule na kumweka f8. Binti alimtazama mwamuzi, mwamuzi akanyamaza, naye akanyamaza. Kasparov akashinda. Baadaye picha za video zikaonyesha kwamba vidole kweli vilimwachia farasi. Miaka minane ikapita. Mwaka 2002, mjini Moscow, Polgár akamshinda Kasparov katika mchezo wa haraka. Lakini pointi ya Linares haikurudi.

Kisa hiki nimekisimulia kwa kila kundi la watoto, hasa mabinti, kwa sababu malezi yetu yanamfundisha mtoto kwamba kumnyamazia mkubwa ndiyo heshima. Mezani hapa sikubaliani. Anayedai haki yake kwa sauti ya chini na kwa utaratibu hajamvunjia mtu heshima. Utaratibu wenyewe ni huu: usiguse kete yoyote, maana ukishagusa kwa nia ya kucheza, haki yako ya kulalamika imekwisha. Simamisha saa. Mwite mwamuzi. Mweleze yeye, usibishane na mwenzako.

Yuko mama mmoja hapa, amekaa safu ya tatu, nami simtaji jina kwa kuwa ataniona nimemwaibisha. Alipokuwa msichana wa darasa la sita alicheza na mzee aliyekuwa akija kutupima nguvu. Mzee akamgusa farasi, akafikiri, akamrudisha, akashika askari. Msichana akatia mikono yake chini ya meza, akasema: "Shikamoo babu. Farasi ulishamgusa." Salamu alikuwa ameshatoa alipoingia, lakini akairudia, nadhani ili maneno ya pili yapate pa kupita. Mzee akamtazama, akanitazama na mimi. Nikatazama ubao. Akamcheza farasi, akampoteza, na mchezo ukaenda naye. Jumamosi iliyofuata alikuja na saa ya mchezo chini ya kwapa. Ndiyo ya kwanza klabu hii kumiliki. Mwanangu, ahsante. Na marehemu babu yule, Mungu amrehemu, naye namshukuru, kwa sababu angeweza kukasirika na sisi tusingekuwa na la kumfanya.

La watazamaji nalo lilitusumbua miaka mingi. Vijana walitoka kwenye baraza za bao na dhumna, ambako anayetazama hushauri, hucheka, na hunyoosha kidole, na mchezo hunoga hivyo. Kwenye sataranji neno moja la pembeni linaiba mchezo wa mtu. Hata kuguna kunatosha, kwa sababu mchezaji aliyekuwa hajaona hatari sasa anajua ipo. Na aliyemaliza mchezo wake mapema anahesabiwa mtazamaji kama wengine. Asante zenu nyinyi mliokubali kutoka nje kila mlipojiona mnashindwa kuzuia midomo.

Kuomba sare kuna mahali pake: cheza kwanza, kisha omba, kisha bonyeza saa. Ukiomba mwenzako akiwa katikati ya kufikiri, umemsumbua. Ukiomba kila baada ya miendo miwili, unamchosha makusudi, na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Kukubali kushindwa ni kwepesi zaidi: simamisha saa, mpe mkono, tia saini karatasi ya miendo. Usimwangushe mfalme kwa kishindo kama kwenye sinema.

Halafu mkae pamoja muupitie mchezo upya. Hapa nina sharti langu mwenyewe, halimo katika kanuni zozote: aliyeshindwa ndiye aongee kwanza. Mshindi akianza, kila mwendo wake utakuwa wa hekima na mwenzake atasikiliza tu. Aliyeshindwa akianza, mara nyingi ataonyesha nafasi ambayo mshindi mwenyewe hakuiona, na hapo wote wawili wanarudi nyumbani na kitu. Madaftari yenu ya miendo ya miaka ile bado ninayo. Mengine yana hatua zilizoandikwa kabla ya kuchezwa, kama tulivyofundishana wakati ule. Tangu 2005 kanuni inasema ucheze kwanza ndipo uandike, na waliozoea vile walipata tabu.

Mwalimu anayenirithi nimemkabidhi funguo za kabati. Malkia wa ziada wanahitajika wanne kabla ya mashindano ya shule, na hilo nawaachia nyinyi wenye mishahara. Atakayekuja Jumamosi kucheza na watoto, simu yake ataizima na kuiacha kwenye kapu la mlangoni, hata akiwa daktari wa zamu.