Sifuri Haituambii Kitu, Tuonyeshe Bolti

Wewe afisa usalama unayetafuta kazi, fungua barua yako ya maombi sasa hivi, uitafute sentensi inayosema kwamba chini ya usimamizi wako kiwanda kilimaliza mwaka mzima bila ajali. Ukiipata, ifute. Najua inauma, maana pengine ndiyo uliyoitegemea kuliko zote. Lakini meneja aliyezeeka kwenye krasha na matanuri ya saruji akiisoma haoni sifa, anajiuliza tu: ajali hazikutokea, au hazikuandikwa?

Piga hesabu mwenyewe. Kipimo kinachotumika sana viwandani huchukua idadi ya ajali zilizomfanya mtu akose kazi, kikaizidisha kwa milioni 1, halafu kikaigawa kwa saa zote zilizofanyiwa kazi. Kiwanda cha watu 50, kila mmoja akifanya saa 2,000 kwa mwaka, kina saa 100,000. Mtu mmoja akivunjika kidole na kulala nyumbani wiki, kipimo kinaruka hadi 10. Mwaka unaofuata, asipoumia mtu, kinashuka hadi 0. Mashine ni zile zile, sakafu ni ile ile, na wewe ni yule yule. Kwa kiwanda cha ukubwa huo, sifuri ya mwaka mmoja inaweza kuwa bahati tupu, na bahati si ujuzi wa kuandikia barua.

Basi uandike nini? Andika hatari moja. Moja tu, uliyoiona kwa macho yako, ukaifuata mpaka mwisho wake. Tuchukue mfano wa kiwanda cha saruji, tuseme cha Athi River, na ndani yake mkanda unaobeba mawe ya chokaa kutoka kwenye krasha. Aya ya katikati ya barua ingesomeka hivi:

"Katika ukaguzi wa zamu ya asubuhi nilikuta kinga ya puli ya nyuma ya mkanda wa mawe imeshikwa na bolti 1 kati ya 4. Nilimwomba msimamizi wa zamu asimamishe mkanda. Fundi umeme akakata umeme na kuufunga kwa kufuli, tukajaribu kuwasha mkanda ukakataa, ndipo kinga ikarudishwa. Nilipozungumza na wasafishaji nilifahamu kwamba huifungua kila zamu ili wachote mawe yanayomwagika, kwa sababu raba za pembeni zimelika. Nilipendekeza raba zibadilishwe, nikafuatilia mpaka zikafungwa mpya. Baadaye nilikagua zamu zote, ya usiku ikiwemo: mawe hayakuwa yakimwagika tena, na bolti zote 4 zilikuwa mahali pake."

Hiyo ni aya moja, na haina neno "makini" wala "mwenye bidii". Hata ukiiandika kwa Kiingereza, kama waajiri wengi wanavyotaka, itabaki na uzito ule ule, kwa sababu kila sentensi inamwonyesha msomaji kitu anachoweza kwenda kukitazama kwenye kiwanda chake mwenyewe. Na nakuhakikishia atakwenda.

Tazama kwa nini aya hiyo inasimama. Kwanza, umetaja mahali penyewe. Hukusema "sehemu hatari za mashine". Umesema puli ya nyuma, pale mkanda unapoingia kwenye chuma na kumeza chochote kilicho karibu. Anayejua mikanda ataelewa papo hapo. Mkanda ukienda kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, nusu sekunde ya kushtuka ni mita 1 ya mkanda, na mkono wa mtu mzima hauna hata mita hiyo kutoka vidoleni hadi begani. Ndiyo maana hakuna mafunzo ya "kuwa mwangalifu" yanayoweza kuchukua nafasi ya ile kinga. Mtu akishashikwa, wakati wa kuwa mwangalifu umekwisha.

Pili, umeonyesha kwamba kusimamisha mashine na kuifunga ni mambo mawili. Waombaji wengi huishia kwenye "nilisimamisha". Kuvuta kamba ya dharura kunasimamisha mkanda, lakini mwenzako aliye upande wa pili asiyekuona anaweza kuirudisha na kuwasha. Kufuli ndilo linalomzuia. Kila anayeingiza mkono huweka kufuli lake na kukaa na ufunguo wake, kisha mnajaribu kuwasha ili kuhakikisha umeme uliokatwa ni wa mkanda huo, si wa jirani. Na kama mkanda umepanda mteremko ukiwa na mzigo, umeme ukikatika bado uzito wa mawe unaweza kuuvuta urudi chini. Lazima uzuiwe pia. Huna haja ya kuyaandika yote hayo. Yale maneno manne, "tukajaribu kuwasha mkanda ukakataa", yanatosha kumwambia mzoefu kwamba uliwahi kusimama pale.

Tatu, na hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako zote, umeuliza kwa nini kinga ilikuwa wazi. Afisa usalama wa kupiga picha na kuandika onyo angeishia kwenye bolti. Angemfokea msafishaji, kinga ingefungwa, na baada ya siku chache ingefunguliwa tena, kwa sababu mawe bado yanamwagika na msimamizi bado anataka pasafishwe. Msafishaji si mkaidi. Kazi yenyewe ilikuwa imepangwa kwa namna ambayo haiwezi kufanyika bila kuvunja kanuni. Ukibadilisha raba, unaondoa sababu ya kuingiza koleo pale. Hiyo ndiyo tofauti ya kuiondoa hatari na kuwaombea watu waikwepe, na mwajiri anayetafuta mtu wa kweli anaisoma tofauti hiyo haraka sana.

Nne, ulirudi, tena usiku. Ofisini pendekezo huandikwa "limekamilika" mara risiti ya vipuri inapotoka. Kwenye zamu ya usiku, ambako mabosi hawapiti, ndiko unakoona kama limekamilika kweli.

Sasa upande wa taarifa za matukio. Tuseme kabla ya raba kubadilishwa, mkanda ulimpokonya msafishaji koleo na kulitupa ukutani, yeye akapona chupuchupu. Hakuna damu, hakuna aliyekwenda hospitali. Katika viwanda vingi jambo hilo huishia kwenye vicheko vya wakati wa chai. Likiandikwa, huandikwa hivi: "Mfanyakazi alifanya uzembe akakemewa." Taarifa ya namna hiyo imekufa. Haisemi saa ngapi, mkanda upi, kinga ilikuwa katika hali gani, taa zilikuwa zinawaka, nani alikuwa amemtuma wala kwa nini mkanda ulikuwa unazunguka wakati wa kusafisha. Na mbaya zaidi, imewafundisha wenzake wote kunyamaza.

Iandike upya kichwani. "Saa 9:40 alasiri, mkanda ukiwa unazunguka, koleo la msafishaji lilinaswa kwenye puli ya nyuma na kutupwa ukutani. Kinga ilikuwa imefunguliwa. Mkanda ulisimamishwa na eneo likazungushiwa utepe hadi picha zilipopigwa." Hapo kuna kilichoonekana tu, lawama haimo, na sababu zinasubiri mahojiano ya mmoja mmoja, kabla watu hawajakaa pamoja wakalinganisha hadithi. Kwenye barua sema kwamba unaandika hivyo, na useme matokeo yake. Kama ulipoanza kazi taarifa za watu kuponea chupuchupu zilikuwa chache kisha zikaongezeka, usiogope kuiandika hiyo namba. Iandike kwa fahari, na ueleze kilichosababisha: labda msafishaji aliyeripoti alirudishiwa jibu, akaona raba mpya zimefungwa, akamwambia mwenzake. Sentensi ya namna hii ina thamani kuliko ile sifuri uliyoifuta: "Taarifa ziliongezeka baada ya wafanyakazi kuona zinashughulikiwa."

Kwa kazi ya Kenya, mstari mmoja uonyeshe pia kwamba unajua saa ya sheria inavyokwenda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake ndani ya saa 24 mtu akifariki kwa ajali kazini, na apeleke taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Usiinakili sheria kwenye barua. Mwenye kiwanda anayo. Sema ulichofanya: uliandaa fomu, ulikusanya maelezo, au ulihakikisha eneo la ajali haliguswi. Ukiomba kazi nchi nyingine, tafuta muda unaotumika huko kabla ya kuandika, maana si lazima uwe huo huo.

Kuna jambo moja linalowaangusha vijana wazuri: vitenzi. Kama ulikuwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo na ulikuwa unabeba karatasi ya ukaguzi nyuma ya afisa mkuu, usiandike "niliongoza". Andika "nilikagua pamoja na". Hutapungukiwa. Bolti uliiona wewe, na aliyeiona ndiye atakayeweza kujibu swali la pili na la tatu kwenye usaili: ilikuwa bolti ipi iliyobaki, ya juu au ya chini? Kinga ilikuwa ya wavu au ya bati? Raba ziliagizwa na nani, na wakati zinasubiriwa mlizuiaje? Hili la mwisho huulizwa sana, na jibu lake ni zito. Vipuri huchukua siku, na katika siku hizo usafi ufanyike mkanda ukiwa umesimama na kufungwa, hata kama uzalishaji unapungua. Kama uliwahi kulisimamia hilo mbele ya meneja uzalishaji aliyekuwa ananuna, ongeza nusu sentensi kwenye barua. Lakini jina la aliyeumia, picha za majeraha na siri za mwajiri wako wa zamani ziache huko huko; anayezitoa kwa mwajiri mpya anamwonyesha jinsi atakavyotoa na zake.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje kazi unayoiomba na vyeti vyako vya usalama, kwa ufupi. Aya ya pili ni hatari yako. Ya tatu ni taarifa zako. Ya nne inasema lini unaweza kuanza. Leo jioni chukua daftari lako la ukaguzi, lile lenye vumbi na kurasa zilizokunjwa pembe, ulipitie ukurasa kwa ukurasa, uweke alama kwenye kila hatari uliyoirudia kuikagua baada ya kurekebishwa. Moja kati ya hizo ndiyo barua yako.